Hatifungani inayobadilishika kuwa hisa: gharama ya riba ya kila mwaka

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya hesabu hapa Unguja, hatifungani ya aina hii mkiiona kwenye vitabu vya mteja, msiiandike yote kuwa deni. Mwenye nayo amenunua vitu viwili kwa pamoja: ahadi ya kulipwa, na haki ya kuchukua hisa badala ya pesa. Kiwango cha kimataifa cha hesabu, IAS 32, kinataka vitenganishwe siku ileile inapotolewa.

Tuseme kampuni ya hoteli ya Paje imetoa hatifungani ya shilingi milioni 100 ya miaka 3, riba asilimia 6 kila mwisho wa mwaka. Hatifungani kama hiyo isiyo na haki ya hisa ingelipa asilimia 10 sokoni. Wawekezaji wamekubali riba ndogo kwa sababu ya ile haki, na thamani yake ndiyo tunayoitafuta.

Anza na deni. Chukua malipo yote ya mkataba, yaani milioni 6 kwa kila mwaka na milioni 100 mwishoni, uyageuze kuwa thamani ya sasa kwa asilimia 10. Riba inatoa milioni 14.92, mtaji uliokopwa unatoa milioni 75.13, jumla milioni 90.05. Kinachobaki hadi kufikia 100, yaani milioni 9.95, kinaingia kwenye mtaji wa wenye hisa na hakipimwi tena, hata bei ya hisa ikipanda.

Wengi hufika hapo salama, kisha mwaka wa kwanza wanaandika gharama ya milioni 6 kwa kuwa ndiyo iliyotoka benki. Gharama sahihi ni asilimia 10 ya deni la mwanzo wa mwaka: milioni 9.01. Ukitoa 6 zilizolipwa, 3.01 zinaongezeka kwenye deni, nalo linafika 93.06. Mwaka wa pili gharama ni 9.31 na deni 96.36, wa tatu gharama ni 9.64 na deni linatua kwenye 100 kamili.

Hapo ndipo pa kujikagua. Deni likibaki 90.05 miaka yote, umetumia riba ya mkataba. Tena jumlisha gharama za miaka mitatu: utapata karibu 27.95, tofauti ya 0.01 ikitokana na kukadiria desimali, ambayo ni milioni 18 za riba iliyolipwa na zile 9.95 za mwanzo.

Kwa hoteli zetu kuna jambo la kuuliza kabla ya hesabu yoyote: hatifungani ni ya dola au ya shilingi? Kama vitabu vya kampuni vinaendeshwa kwa shilingi na deni ni la dola, kiasi kinachobadilishwa kuwa hisa hakiwi kimoja kwa shilingi, hupanda na kushuka. Haki hiyo basi kwa kawaida haiendi kwenye mtaji. Inakuwa deni linalopimwa upya kila mwaka, na faida au hasara yake inaingia kwenye taarifa ya mapato.