Kikapu cha Desemba na mabosi wasio na muda

Sera yetu ya zawadi na ukarimu ina kurasa 14 na mameneja hawaisomi. Naifupisha vipi iwe ukurasa mmoja? – Afisa rasilimali watu, Nairobi

Usianze na ukurasa wa kwanza, ambao kwa kawaida ni dibaji ya mkurugenzi. Tafuta kila mahali palipotajwa pesa, kisha kando ya kila kiasi andika mambo mawili: nani anaidhinisha, na kinaingia kwenye rejista au hakiingii. Tuchukue sera ya kawaida ya kampuni binafsi. Hadi shilingi 3,000 pokea bila kuuliza; kuanzia hapo hadi 10,000 bosi wako aidhinishe na uandike; ikizidi 10,000 afisa wa maadili akubali kabla hujapokea. Mistari hiyo mitatu meneja ataisoma akisubiri lifti.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni kuishia hapo. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, aliyefupisha aliacha sentensi moja iliyokuwa imejificha ukurasa wa tisa: zabuni ikiwa wazi, usipokee chochote kwa mzabuni, hata kalamu. Meneja mmoja akala chakula cha 2,000 na mzabuni wiki ya kufungua bahasha, tena kwa nia safi, kwa sababu karatasi yetu ilimwambia 2,000 haina neno. Makatazo yasiyo na kiasi yaandike juu kabisa, kabla ya pesa: zabuni ikiwa wazi, pesa taslimu, mtumishi wa umma.

Vocha ya supamaketi ni pesa taslimu?

Ndiyo. Na M-Pesa pia, kabla hujauliza.

Msambazaji wetu wa katoni ameniletea kikapu cha 4,500. Bosi akiidhinisha yamekwisha, sivyo?

Inategemea kilichotangulia, na hilo watu hawalipendi. Sera nyingi hujumlisha zawadi za mtoaji mmoja kwa miezi 12. Tuseme Februari alikununulia chakula cha 2,500. Hapo hukuvuka kikomo. Juni chakula kingine, 2,800; jumla 5,300, kwa hiyo hicho cha Juni kilihitaji idhini ya bosi ingawa chenyewe kiko chini ya 3,000. Kikapu kinafikisha 9,800, bado ni kwa bosi. Januari akikuletea mwavuli wa 700, unagonga 10,500 na mwavuli huo unakwenda kwa afisa wa maadili.

Tatizo ni lile la Februari. Halikuandikwa popote, basi Juni nani atalijumlisha? Ndiyo maana nashauri muhtasari useme: kila mlo na kila zawadi ya msambazaji iandikwe, hata ya 500, na kikomo kihusu idhini tu. Utalalamikiwa. Vumilia.

Na tafadhali, acheni kuniuliza kama kikapu kikigawiwa watu watano wa idara thamani inakuwa 900 kila mmoja. Nimejibu hili mara nne. Kilikuja kwa jina la nani?

Nikikataa zawadi, bado niandike?

Andika. Siku mtoaji akidai ulipokea, hiyo ndiyo kinga yako.

Nimeandika “kikapu, msambazaji, sawa” kwenye rejista na mkaguzi amenirudishia. Anataka nini?

Anataka kuelewa bila kukupigia simu. Mfano: “18 Desemba. Kikapu: mafuta, unga, chai, keki. Kutoka kwa msambazaji wa katoni, kupitia meneja wake wa mauzo. Makadirio 4,500 kwa bei ya dukani. Jumla ya miezi 12: 9,800. Mkataba wake unakwisha Machi. Ameidhinisha mkuu wa ununuzi, 19 Desemba. Kimepelekwa jikoni kwa wafanyakazi wote.” Hiyo sentensi ya mkataba ndiyo wengi huiruka, na ndiyo ningeitafuta kwanza kama ningekuwa mkaguzi.

Sisi ndio tunatoa. Afisa wa kaunti akimaliza ukaguzi tunamnunulia chakula, 1,500 tu. Iko chini ya kikomo.

Kikomo hicho si chake. Kwa mtumishi wa umma omba idhini kabla, kwa kiasi chochote, na uandike nani alikuwepo na ukaguzi ulihusu nini. Afisa anayekagua leseni yako kisha anakula mezani pako, mtu wa nje haoni chakula, anaona chai. Na Sheria ya Hongo ya 2016 haikuachi ukae kimya: mwenye mamlaka katika kampuni binafsi akijua au akishuku hongo, ana saa 24 kuripoti kwa EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Muhtasari wako ukiwa na nafasi ya mstari mmoja tu uliobaki, uwe huo, pamoja na namba ya simu ya afisa wa maadili. Si barua pepe. Meneja aliye mlangoni na mgeni ameshika kikapu hatafungua barua pepe.