Re: Kilo za korosho, nitumie kosa la mraba, kosa tupu au Huber?

> "Natabiri kilo atakazoleta kila mkulima kwenye AMCOS za Newala, halafu najumlisha tujue magunia ya kuagiza. Wachache wana kilo nyingi kupita kiasi. Jamaa kanishauri absolute_error, eti haisumbuliwi na hao wakubwa. Au Huber? Delta niweke ngapi?"

Usiguse hiyo absolute_error. Huyo jamaa yako simjui, ila ushauri wake naujua, niliupata kwenye semina Mtwara mjini, na chai ya saa nne juu.

Chukua wakulima watano wanaofanana kwa kila kitu ambacho modeli inakiona: kilo 200, 300, 400, 500 na 3,600. Huyo wa mwisho ana shamba la urithi na kapulizia salfa kwa wakati. Ukifundisha kwa kosa la mraba, jibu linalopunguza hasara kuliko yote ni wastani, yaani kilo 1,000. Ukifundisha kwa kosa tupu, yaani hiyo absolute_error, jibu ni mediani, ile namba ya katikati ukizipanga: 400. Sasa jumlisha, maana ndiyo kazi yako. 1,000 mara watano ni 5,000, sawasawa na mzigo wote. 400 mara watano ni 2,000. Kwa gunia la kilo 80 utaagiza 25 wakati unahitaji 63.

Na utalala usingizi mzuri tu, kwa sababu ukipima kwa kosa tupu la wastani, modeli ya 400 inapata 720 na ile ya 1,000 inapata 1,040. Mbovu ndiyo inayoshinda! Mimi niliupeleka mchoro wa namba kama hizo kwenye kikao cha chama kimoja cha msingi na nikapigiwa makofi. Msimu ulipofunguka, mwenyekiti akanipigia alfajiri. Nikamwamkia shikamoo mzee, hakuitikia marahaba, akauliza magunia yako wapi. Korosho zilikuwa zimemwagwa sakafuni ghalani, wenyewe wamezikalia. Yule mtoa mada wa semina alikuwa kasharudi kwao. Alituambia kosa tupu "ni imara" akaishia hapo. Imara kwa kazi gani, hakusema. Posho alichukua.

Mediani si mbaya. Ukitaka kumwambia mkulima wa kawaida ategemee kilo ngapi, mpe mediani. Lakini mediani za watu ukizijumlisha hupati mzigo wa ghala. Kwa hiyo kabla ya kuchagua chochote, uliza namba hii itajumlishwa au haitajumlishwa. Ikijumlishwa, unatafuta wastani, na wastani unaletwa na kosa la mraba.

Huber haikuokoi hapa. Yenyewe ni mraba kwa makosa madogo, na kosa likivuka delta inakuwa mstari ulionyooka. Kwa wale watano, delta ya kilo 500 inakupa jibu 475, jumla 2,375. Bado umeumia. Ukiacha delta bila kuigusa ndiyo kabisa: `torch.nn.HuberLoss` inaanza na `delta=1.0`, na kwenye LightGBM `objective="huber"` ina `alpha=0.9`, ambayo ndiyo delta yake. Kama lengo lako liko kwenye kilo, hiyo ni kilo moja ya korosho au pungufu, kwa hiyo karibu kila kosa liko nje ya mpaka na umerudi kwenye mediani bila kujua.

Huber ina siku yake: pale 3,600 inapokuwa kidole cha karani. Tuseme mkulima alileta 360 na sifuri ikaongezeka. Wastani wa kweli ni 352. Mraba unakupeleka 1,000, Huber 475. Hapo Huber inaokoa jahazi, ingawa ukiweza kuipata stakabadhi, hesabu magunia yaliyoandikwa. Kilo 3,600 kwenye magunia matano haiwezekani, rekebisha. Kilo 3,600 kwenye magunia 45 ni korosho kweli, na hizo ndizo zitakazojaza ghala lako. Usizinyamazishe.

Ukimaliza kufundisha, kwenye data ambayo modeli haijaiona, endesha hii kwa kila AMCOS, `p` ikiwa kilo ulizotabiri na `y` kilo zilizoletwa kweli:

```python
print(p.sum() / y.sum())
```

Ikizunguka kwenye 1, endelea. Ikikaa 0.4 kama kwa wale watano, umefundisha mediani, hata kama kosa lako tupu linang'aa. Kama mraba unayumba msimu hadi msimu kwa sababu ya wakubwa wawili watatu, ipe modeli idadi ya mikorosho na kilo za msimu uliopita, ili iwatambue mapema.

Endesha, uilete hiyo namba hapa kabla hujaagiza gunia hata moja.