Saa ilinitembeza miezi minne: nilivyozipata zoni zangu bila maabara

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia: "Kaka, nina miaka 41. Nikikimbia taratibu kabisa saa inaniambia niko zoni ya nne. Moyo wangu una tatizo?" Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana mwaka juzi nilikuwa mimi huyo.

Nilikuwa na miaka 46. Nilinunua saa ya mkononi, nikaiwekea umri wangu, yenyewe ikapiga hesabu ya 220 kutoa umri. Ikapata 174, ikasema huo ndio mwisho wa mapigo ya moyo wangu kwa dakika. Kutoka hapo ikanigawia zoni tano, yaani ngazi za mapigo kuanzia mwendo mwepesi kabisa hadi mgumu kabisa. Ile ya mbio nyepesi, asilimia 60 hadi 70, ikawa mapigo 104 hadi 122.

Nilikuwa nimesikia, kama ninyi nyote, kwamba sehemu kubwa ya mazoezi iwe nyepesi. Basi nikatii. Tatizo ni kwamba nikianza tu kuchapa hatua za jogingi, mapigo yanafika 135. Kwa hiyo nikawa natembea. Wenzangu wa klabu walinipita kando ya bahari Oysterbay wakiniuliza kama nimeumia. Mmoja alinibatiza jina la "mzee wa matembezi", na mpaka leo halijanitoka moyoni. Miezi minne nilivumilia, nikijiambia najenga msingi.

Halafu nikaenda Moshi kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro. Wanaoijua wanajua ile njia inavyopanda kuelekea Mweka. Nilipanda kama nimebeba gunia, nikamaliza nyuma ya watu ambao siku zote nawaacha. Lakini mita za mwisho nilichochea kwa hasira, na nilipovuka mstari nikaweka vidole viwili shingoni, nikahesabu kwa sekunde 15. Mapigo 46. Zidisha kwa nne: 184. Moyo uliopewa mwisho wa 174 ulikuwa umepita hapo kwa mapigo kumi, nami nimesimama sijazimia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile 220 kutoa umri ni wastani wa watu wengi, na watu wa umri mmoja wanatofautiana sana. Kupishana na wastani kwa mapigo 10 juu au chini ni jambo la kawaida kabisa. Kuna hesabu mpya zaidi, ya mwaka 2001: 208 kutoa asilimia 70 ya umri. Nilipoijaribu nikapata 176. Yaani kubadilisha fomula hakukunisaidia kitu, kwa sababu zote mbili zinaulizia umri, wala hakuna hata moja inayouliza habari za moyo wangu.

Kinachosaidia ni kujipima mwenyewe. Watu wa maabara hutoboa kidole na kupima asidi ya laktiki kwenye damu ili wajue mwendo ambao ukiuzidi, laktiki inaanza kurundikana na mwili hauwezi tena kuimudu. Mpaka huo tuuite kizingiti. Sisi tusio na maabara tunaukadiria kwa jaribio la nusu saa, ambalo limeenezwa na kocha Joe Friel. Unapasha mwili kwa dakika 15. Kisha unakimbia dakika 30 peke yako, mahali tambarare, kwa kasi kubwa kuliko zote unazoweza kuishikilia hadi mwisho. Dakika ya kumi ikifika unabonyeza kitufe cha mzunguko ili saa ianze hesabu mpya, na wastani wa mapigo wa zile dakika 20 za mwisho ndio makadirio ya kizingiti chako. Kumi za mwanzo tunazitupa kwa sababu moyo bado unapanda.

Jaribio langu la kwanza liliharibika, na nasema wazi ili lisikukute. Saa ya mkononi ilionyesha 172 kuanzia dakika ya pili hadi mwisho, mstari umenyooka kama rula. Nilifurahi, mpaka nilipotazama idadi ya hatua kwa dakika: 172. Taa ya chini ya saa inasoma damu inavyosukumwa chini ya ngozi, na mkono unapotikisika kwa mdundo mmoja, saa inaweza kuushika mdundo wa miguu ikadhani ni moyo. Mapigo ya kweli hupanda pole pole. Yakiruka ghafla, yakalingana na hatua, simama uhesabu kwa kidole papo hapo.

Wiki iliyofuata niliazima mkanda wa kifuani, nikaulowesha kwa maji ili ushike umeme wa moyo, nikaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla joto la Dar halijaamka. Nilikimbia kilomita 5.4, nusu ya pili ikawa na mwendo ule ule wa nusu ya kwanza. Ukijikuta unapungua mwishoni, ulianza kwa pupa, rudia siku nyingine. Wastani wangu wa dakika 20 za mwisho ulikuwa 168.

Kutoka kwenye kizingiti hicho, mbio nyepesi za masafa ni asilimia 85 hadi 89. Kwangu ni mapigo 143 hadi 150. Chini ya 143 ni kulegeza mwili siku ya baada ya kazi ngumu. Mazoezi ya kasi ya kizingiti ni 160 hadi 166. Katikati hapo ni mwendo wa kati, ambao wengi wetu tunazama humo kila siku bila kujua. Linganisheni sasa: saa ilinikataza kupita 122.

Usiziamini namba peke yake hata hivyo. Ukiwa zoni nyepesi unapaswa kusema sentensi nzima bila kukatika. Mimi husimulia matokeo ya Yanga kwa sauti, watu wanigeukie watakavyo. Nikifika 150 sentensi bado inatoka, nikifika 160 yanatoka maneno matatu matatu.

Na joto litakuvuruga. Ukikimbia saa moja kwa mwendo ule ule, mapigo yanaweza kupanda kumi au zaidi, kwa sababu maji yanapotea kwa jasho, damu nyingine inapelekwa kwenye ngozi kupooza mwili, na moyo unasukuma kidogo kwa kila pigo, hivyo unapiga mara nyingi zaidi. Siku hizo sikilizeni pumzi, ndugu zangu, acheni kugombana na namba. Anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo aachane kabisa na hesabu hizi, atumie kipimo cha kuongea. Na mwenye maumivu ya kifua aonane na daktari kabla ya kujaribu nusu saa yoyote.

Dada yule nilimwambia akimbie taratibu, asimame, ahesabu kwa kidole, halafu anitajie na hatua zake. Jana amenijibu: kidole 136, saa 171, hatua 170. Alikuwa ameivaa saa kama bangili. Nimemwambia aisogeze juu ya kifundo upana wa vidole viwili, aikaze, na Jumamosi alfajiri atafute mkanda wa kuazima.