Picha zilezile, mshindi mwingine: majibu kwa maswali ya baada ya matokeo

Kijana mmoja alinifuata baada ya matokeo kusomwa, picha yake ya daraja ikiwa bado mkononi. Wiki mbili nyuma picha hiyohiyo ilikuwa ya kwanza kati ya nne. Siku hiyo, kati ya nne zilezile, ilikuwa ya mwisho. "Picha haijabadilika hata pikseli moja," akaniambia. "Sasa kilichobadilika ni nini?"

Nilimjibu kwamba majaji ni watu na kila mtu ana ladha yake. Jibu hilo lilinisumbua usiku kucha, kwa sababu halikuwa kweli. Majaji walikuwa walewale watatu. Kilichobadilika ni swali tulilowauliza: mara ya kwanza tuliuliza ni picha ipi imepangwa vizuri zaidi ndani ya fremu, mara ya pili tukauliza ni ipi inayomgusa mtazamaji. Nimeshaamua picha mara nyingi tangu siku ile, na maswali yanayokuja baada ya matokeo ni yaleyale. Nitayajibu kwa picha zile nne, maana kila kitu kimo ndani yake.

Ya kwanza ni ndege anayetua majini, kila unyoya unahesabika, shata imefungwa kwa 1/2000 ya sekunde. Ya pili ni daraja alfajiri, nguzo zake zikirudi nyuma kwa vipimo sawa hadi zinapotelea kwenye ukungu. Ya tatu ni mikono ya mfinyanzi, udongo umekauka kwenye mikunjo ya vidole, mwanga unaingia kutoka upande mmoja. Ya nne ni watoto wanakimbia kwenye mvua, imepigwa kwa 1/30, miguu imekuwa michirizi tu lakini uso wa mmoja wao unacheka kiasi kwamba unaisikia sauti yake.

Hizi ndizo alama zake, kila kigezo kikiwa na alama 10:

| Picha | Ufundi | Mpangilio | Hisia | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Ndege | 9 | 6 | 5 | 20 |
| Daraja | 8 | 9 | 4 | 21 |
| Mikono | 7 | 7 | 8 | 22 |
| Watoto | 4 | 6 | 9 | 19 |

Soma safu ya ufundi peke yake, ndege anaongoza. Safu ya mpangilio, daraja linaongoza. Safu ya hisia, watoto wanaongoza na daraja linakuwa la mwisho. Hakuna jaji aliyebadili mawazo.

Iweje mikono ishinde jumla wakati haikuongoza kwenye safu yoyote?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, hasa na aliyeongoza safu moja. Jumla haitafuti picha iliyo bora kuliko zote katika jambo fulani. Inatafuta picha ambayo haikupoteza sana popote. Mikono ilipata 7, 7 na 8, haina shimo. Daraja lilipata 9 kwenye mpangilio, kisha likaangukia 4 kwenye hisia, na alama nne lilizoachwa na mikono hapo zilimeza faida yake yote.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba mashindano yanajumlisha alama, fahamu kwamba picha ya kuthubutu, yenye kipaji kikubwa upande mmoja na kasoro upande mwingine, inaanza ikiwa nyuma. Mimi binafsi naona hasara hapo. Picha ninazozikumbuka baada ya miaka ni za aina ya wale watoto, na jumla iliwaweka mwisho. Anayetaka kuipa picha ya namna hiyo nafasi aseme mapema kwamba hisia zina uzito mkubwa zaidi.

Uzito ukibadilika kidogo, matokeo yanabadilika kiasi gani?

Wakati mwingine sana, wakati mwingine hata kidogo, na inafaa kupiga hesabu kabla ya kutangaza. Tukihesabu hisia mara mbili, mikono inabaki ya kwanza kwa 30, lakini watoto wanatoka mwisho na kushika nafasi ya pili kwa 28. Tukihesabu ufundi mara mbili badala yake, ndege, daraja na mikono zote zinagota kwenye 29. Nafasi ya kwanza ina watu watatu.

Watoto wanahitaji uzito gani ili washinde? Hapa nilikaa na kalamu. Wanaipita mikono kwa alama moja kwenye hisia, na wastani wao wa vigezo viwili vingine ni 5 dhidi ya 7 za mikono. Kwa hiyo faida ya moja lazima ifidie pengo la mbili, na hilo hutokea hisia zikipewa zaidi ya theluthi mbili ya uzito wote. Kwenye asilimia 60 mikono inaongoza kwa 7.6 dhidi ya 7.4. Kwenye asilimia 70 watoto wanaongoza kwa 7.8 dhidi ya 7.7. Nikijua mpaka uko wapi, najua pia kama ushindi ni imara au unaning'inia kwenye uzi. Mikono ilikuwa imara mbele ya watoto. Mbele ya daraja haikuwa, kwani walitofautiana alama moja tu.

Si bora tuache alama, tuziweke picha mbilimbili tuchague?

Wengi hulipenda wazo hili, nami nililipenda. Picha mbili ukutani, iliyo bora kwenye vigezo vingi inabaki, nyingine inatoka. Linaonekana safi. Basi tulijaribu kwa alama zilezile, tukiwaweka watoto pembeni kwa muda.

Mikono na ndege: mikono inashinda kwa mpangilio na hisia, mbili kwa moja. Ndege na daraja: ndege anashinda kwa ufundi na hisia, mbili kwa moja. Ungedhani basi mikono italishinda daraja pia. Lakini daraja lina 8 kwa 7 kwenye ufundi na 9 kwa 7 kwenye mpangilio, nalo linaishinda mikono, mbili kwa moja. Mikono inamshinda ndege, ndege analishinda daraja, daraja linaishinda mikono. Ni duara, halina kichwa wala mkia.

Mfaransa Condorcet alilieleza jambo hili mwaka 1785 alipokuwa akiandika kuhusu kura, na vigezo vitatu vya picha vinafanya kazi kama wapiga kura watatu. Madhara yake ni haya. Ukianza na daraja dhidi ya mikono, daraja linabaki, kisha linapigwa na ndege: mshindi ni ndege. Ukianza na ndege dhidi ya daraja, anabaki ndege, kisha anapigwa na mikono: mshindi ni mikono. Ukianza na mikono dhidi ya ndege, mshindi ni daraja. Anayeshinda kila mara ni yule aliyesubiri pembeni raundi ya kwanza. Yaani aliyepanga foleni ndiye aliyeamua, hata kama hakujua.

Ukitaka kulinganisha mbilimbili, linganisha kila picha na kila picha, uandike matokeo yote. Picha nne zinatoa mapambano sita tu. Ikijitokeza moja iliyozishinda zote, hiyo haina ubishi. Likijitokeza duara, useme kuna duara, na utumie kigezo cha kuvunja sare ambacho kilitangazwa kabla. Kukichagua wakati huo, majina yakiwa yameshajulikana, ndiko kunakoleta maneno ya upendeleo.

Tulikubaliana vigezo vyote viwe sawa. Mbona ufundi ndio umeamua kila kitu?

Hili lilinikuta mwenyewe. Zilikuwa picha nane, na tulitangaza kabisa kwamba vigezo vina uzito sawa. Matokeo yalipotoka, mpangilio wa mwisho ulikuwa nakala ya safu ya ufundi, kuanzia ya kwanza hadi ya nane. Aliyelalamika alikuwa na haki, na kosa lilikuwa langu, sikuwa nimeziangalia safu.

Kwenye ufundi majaji walitoa alama kuanzia 3 hadi 9. Kwenye mpangilio na hisia walitoa 6 na 7 tu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumuumiza mtu. Kigezo ambacho kinampa kila mtu karibu alama ileile hakiwezi kumpandisha wala kumshusha yeyote. Karatasini kina theluthi ya uzito, kwenye matokeo hakina kitu.

Siku hizi, kabla ya kujumlisha, naangalia alama ya juu na ya chini ya kila safu. Nikiona safu imebanana, nawarudishia majaji niwaulize kama kweli picha zinalingana hapo. Wakisema hazilingani, wanatoa alama upya kwa upana. Wakisema zinalingana, naiacha ilivyo. Kuna njia ya kutanua safu kwa hesabu, ya chini iwe 0 na ya juu iwe 10, lakini mimi siipendi kwa safu iliyobanana: inaigeuza tofauti ndogo ya 6 na 7 kuwa bonde, na jaji hakulichimba bonde hilo.

Kwa nini picha niliyoipenda kwenye simu ilishindwa ilipochapishwa?

Kwa sababu ukubwa wa kutazama ni kigezo pia, hata kama hakikuandikwa. Picha ya watoto ina pikseli 6000 kwa upana. Kwenye kioo cha pikseli 1080 inabanwa zaidi ya mara tano, hivyo ukungu mwembamba wa pikseli tano unaozunguka uso wa yule mtoto unakuwa chini ya pikseli moja. Hauonekani. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, inafika upana wa inchi 20, na ukisogea karibu ukungu uleule unauona. Ndege alikuwa kinyume chake: kwenye simu ni ndege tu, kwenye karatasi kubwa unaona matone yamening'inia kwenye ncha za mbawa.

Kabla ya kupeleka picha, uliza majaji watazitazama wapi na kwa ukubwa gani, kisha itazame yako kwa ukubwa huohuo.

Basi daraja langu ni zuri au baya?

Hilo ndilo aliloniuliza yule kijana nilipompigia siku chache baadaye. Nilimsomea safu zake tatu: 8, 9, 4. Nikamwambia kwamba kwa anayetafuta fremu iliyopangwa, hakuna kati ya zile nne inayomfikia, na kwa anayetafuta mtu wa kumgusa moyo, ndani ya picha yake hakuna mtu. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama jua huchomoza upande wa pili wa daraja, ambako watu huvukia kwa miguu.