Mzazi anatafuta tarehe: kuandika upya tangazo la muhula na ada

Ukianza kazi ya kuandika matangazo ya shule, utapewa aya ya muhula uliopita na kuambiwa, "Badilisha tarehe tu." Mimi nilibadilisha tarehe tu. Siku ya kurudi kutoka likizo fupi, madawati kadhaa yalikuwa matupu na simu ya ofisi haikupumzika.

Tangazo lenyewe lilisomeka hivi:

"Uongozi wa shule unapenda kuwasalimu wazazi na walezi wote na kuwashukuru kwa ushirikiano wenu. Tunawajulisha kuwa muhula wa pili utaanza tarehe 4/5 na kutakuwa na likizo fupi kuanzia tarehe 11 hadi 15 mwezi wa sita, kabla ya shule kufungwa mwishoni mwa mwezi wa saba. Aidha, mnakumbushwa kulipa ada mapema ili kuepuka usumbufu."

Kisarufi halina kosa. Tatizo ni lile neno "hadi". Mimi nilikusudia tarehe 15 watoto wawe darasani. Wazazi wengi walielewa kuwa tarehe 15 bado ni likizo, na siwezi kusema walikosea, maana "hadi 15" inabeba maana zote mbili. Hata ningeandika ada ilipwe "kabla ya tarehe 24", ugonjwa ungekuwa huohuo: anayelipa tarehe 24 yenyewe amewahi au amechelewa? Na "mapema" siyo tarehe kabisa. Ukiwaambia watu walipe mapema, kila mmoja atajipangia mapema yake.

Nilipoandika upya, sikuanza na aya ile. Nilichukua karatasi nikaorodhesha maswali ambayo wazazi walikuwa wamepiga simu kuuliza. Yalikuwa manne tu: mwisho wa kulipa ni lini, mtoto anaripoti lini, likizo fupi ni siku zipi, na achukuliwe lini shule ikifungwa. Kila swali nikalipatia mstari wake:

Mwisho wa kulipa ada ya muhula wa pili: Ijumaa, 24 Aprili 2026
Wazazi na walezi, habari zenu. Kama umeshalipa, tunashukuru. Zingatia tarehe za masomo tu.

Kufungua shule: Jumatatu, 4 Mei
Likizo fupi: Alhamisi, 11 Juni na Ijumaa, 12 Juni
Kurudi darasani: Jumatatu, 15 Juni
Kufunga shule: Ijumaa, 31 Julai, watoto wachukuliwe saa 6 mchana

Unapolipa, andika jina la mtoto na namba yake ya usajili. Ukiona hutaweza kukamilisha kwa tarehe hiyo, zungumza na mhasibu kabla haijafika.

Ada imetangulia kwa sababu ndiyo tarehe ya kwanza kufika na ndiyo inayomtaka mzazi afanye kitu. Mkuu wa shule hakupenda salamu ishuke mstari wa pili. Aliona tunaingia nyumbani kwa watu bila hodi. Nilimwonyesha kwenye simu yake kwamba kabla ya kufungua ujumbe anaona maneno machache ya mwanzo tu, na kwenye tangazo la zamani maneno hayo yalikuwa "Uongozi wa shule unapenda". Akakubali, ila salamu yenyewe akakataa isifutwe. Nadhani alikuwa sahihi.

Utaona sijategemea herufi nzito. Mzazi akinakili tangazo na kulituma kwingine, mapambo mara nyingi hupotea, lakini mstari unaosimama peke yake hubaki mstari. Ukitaka kukoleza, koleza tarehe ya ada peke yake. Tangazo lililokolezwa kila mahali huwa kama halijakolezwa popote.

Jina la siku liandikwe daima pamoja na tarehe, na hapo ndipo kunakili kutoka mwaka jana kunapokuumbua. Tarehe 5 Mei 2025 ilikuwa Jumatatu. Ukibadilisha mwaka tu, utapata "Jumatatu, 5 Mei 2026", siku ambayo haipo, kwa kuwa tarehe hiyo ni Jumanne. Wazazi wanaofuata siku watakuja tarehe 4, wanaofuata tarehe watakuja Jumanne, na wote watakuonyesha tangazo lako kama ushahidi. Kwa hiyo fungua kalenda ya mwaka husika, weka kidole kwenye kila tarehe na usome jina la siku kwa sauti. Saa nayo iambatane na "asubuhi", "mchana" au "jioni". Ukiandika 6:00 peke yake, yupo atakayefika alfajiri.

Ukimaliza, mpe simu mtu ambaye hakushiriki kuandika, umuulize: "Mtoto anarudi darasani lini baada ya likizo fupi?" Akianza kusoma kutoka juu badala ya kushuka moja kwa moja kwenye jibu, rudi ukapunguze maneno.