Pima mtandao wa ofisi yako ukiwa nje, na usiishie kwenye poti za kawaida

Ukikabidhiwa mtandao wa ofisi, kabla hujabadilisha chochote uangalie kwanza kutoka nje. Maelezo uliyoachiwa na fundi aliyetangulia yanakueleza alichokusudia kufanya. Skani inakuonyesha kilichopo leo, pamoja na yale ambayo watu wengine waliongeza baada yake.

Anza na anwani yenyewe. Ukiwa ofisini, tumia amri hii:

```
curl -4 ifconfig.me
```

Linganisha jibu na anwani iliyoandikwa kwenye ruta upande wa intaneti. Zikifanana, endelea. Kama ruta inaonyesha anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, ujue mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo ukipiga skani utakuwa unapima vifaa vyake, si vyako, kwa hiyo acha. Na kama anwani yenu hubadilika, ihakiki upya kila mara, maana ya jana huenda leo ni ya jirani. Pata ruhusa ya mwenye ofisi kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na kusema ulikuwa unajaribu tu hakutakusaidia.

Kisha uwe nje kweli. Wengi walio wageni wa kazi hii hupiga skani wakiwa kwenye waifai ya ofisi, wakiamini kwamba kwa kuwa wameandika anwani ya nje, basi wanaona anachoona mtu wa nje. Sivyo. Ruta inajua ombi limetoka ndani, na kanuni zake kwa watu wa ndani ni legevu zaidi, kwa hiyo matokeo yanadanganya. Intaneti ya simu inatosha kwa kuanzia, ila baadhi ya kampuni za simu huzuia poti fulani njiani. Seva ndogo ya kukodi ni bora zaidi.

Chukua ofisi ya watu kumi yenye ruta ya MikroTik na anwani ya kudumu, tuseme 203.0.113.25. Mhasibu huingia kwenye kompyuta yake akiwa nyumbani. Programu ya kupigia skani ni nmap. Ukiandika `nmap` na anwani tu, zitapimwa poti 1,000 zinazotumika sana, na kati ya poti tatu zilizo wazi hapa utaona moja tu, 8291. Zipime zote:

```
nmap -Pn -p- 203.0.113.25
nmap -Pn -sV -p 8291,37777,43389 203.0.113.25
```

`-Pn` inaiambia nmap iendelee hata kama ruta haijibu pingi. `-p-` ni poti zote 65,535; kazi hii inaweza kuchukua muda mrefu, iache iendelee. Amri ya pili inauliza zile zilizokutwa wazi tu: nani yuko nyuma yako?

```
8291/tcp   open
37777/tcp  open
43389/tcp  open  ms-wbt-server
```

Hiyo 8291 ni Winbox, yaani usimamizi wa ruta yenyewe. 37777 hutumiwa na rekoda za kamera za Dahua; mara nyingi fundi wa kamera huifungua ili bosi aone picha kwenye simu. 43389 ndiyo ya kutazama kwa makini: ni kompyuta ya mhasibu. Mtu aliihamisha kutoka 3389, poti ya kawaida ya Remote Desktop ya Windows, akidhani ameificha. Fungua kumbukumbu za usalama za Windows kwenye kompyuta hiyo, tafuta tukio namba 4625, na utaona majaribio ya nywila yaliyoshindwa, mengi kwa majina kama `administrator`.

Usikimbilie kufunga kila kitu, mhasibu atakwama usiku wa kufunga mahesabu. Mwekee kwanza VPN ya WireGuard, hakikisha inafanya kazi akiwa kwake, ndipo uondoe njia ya zamani. Njia zilizofunguliwa utazikuta kwa amri hizi ndani ya ruta:

```
/ip firewall nat print where action=dst-nat
/ip upnp print
/ip service print
```

UPnP ikiwa imewashwa, kifaa cha ndani kinaweza kujifungulia poti bila kumuuliza mtu. Ukifuta njia ya rekoda kwa mkono na kuiacha UPnP, huenda ukaikuta imerudi. Winbox iruhusu kutoka mtandao wa ndani na wa WireGuard pekee.

Rudia skani kutoka palepale pa mwanzo. `closed` maana yake kuna aliyejibu kwamba hapa hakuna huduma. `filtered` maana yake hakuna jibu la kueleweka, na anayezuia anaweza kuwa mtoa huduma, si ruta yako. WireGuard haitaonekana kabisa, kwa sababu inatumia UDP na amri hizi zimepima TCP peke yake. Hata ukiongeza `-sU`, itasoma `open|filtered`, kwani WireGuard haimjibu asiye na ufunguo. Kama ofisi ina IPv6, kila kompyuta inaweza kuwa na anwani yake ya nje, na skani ya anwani moja ya ruta haijaigusa hata moja. Hizo zipime kivyake kwa `-6`.