Usiguse MOD kabla hujang'oa kristali ya 25 MHz

"Wakuu, nina bodi ya ADF4351 yenye kristali ya 25 MHz. Nataka 2400.020 MHz nirushe CW kwenye satelaiti ya QO-100 nikiwa hapa Nairobi. Niweke MOD ngapi?"

Acha kwanza. Usiweke MOD yoyote, maana namba yoyote utakayochagua itakupeleka nilikopelekwa mimi, na mimi nilikaa huko miezi minne.

Gawa 2400 kwa 25. Ni 96 kamili, na hapo ndipo ubaya ulipo. Ili upate 2400.020, kigawanyaji kinachoilinganisha oskileta na kristali kinahitaji wastani wa 96.0008. Hakiwezi kugawa kwa desimali, kwa hiyo katika umbo lake rahisi kinagawa kwa 96 mara 1249, kisha kwa 97 mara moja, halafu kinaanza upya. Katika hizo mara 1249 kosa la awamu linajilimbikiza kidogo kidogo, kisha ile 97 inalifuta kwa mkupuo. Mzunguko huo unajirudia kila hatua 1250 za 25 MHz, yaani mara 20,000 kwa sekunde. Filta ya kitanzi ya bodi hizi hupitisha makumi ya kilohezi, kwa hiyo hiyo 20 kHz inapita bila kubisha hodi na kuitikisa volteji ya oskileta. Unapata miiba miwili, yaani mawimbi usiyoyaomba, mmoja 2400.040 na mwingine 2400.000. Na 2400.000 ikishapita kwenye satelaiti inashuka kama 10489.500 MHz, pale pale inapokaa bikoni ya chini.

Sasa kuna jamaa mmoja kwenye kikundi chetu aliyeniambia kwa sauti ya mwalimu, "ADF4351 ina sigma-delta, miiba hakuna." Bado nina hasira naye. Ni kweli sigma-delta inachanganya migawo ili kosa lisijirudie kwa mpangilio, na kelele yake inasukumwa mbali, ambako filta inaikamata. Lakini mwiba wa karibu na namba kamili una chanzo kingine pia. Hamoniki ya 96 ya marejeo yako, yaani ile kristali ya 25, ni 2400.000 MHz, na oskileta inacheza 20 kHz tu kutoka hapo, ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Zinavujiana. Tena pampu ya chaji hainyooki kabisa karibu na sifuri. Sigma-delta haigusi hayo. Niliwasha "Low spur mode", kelele ikapanda, na miiba ikabaki imesimama.

Yeye huyo huyo akaniambia nibane filta. Nikachonga bodi mpya mbili zenye upana wa 5 kHz. Mwiba ulishuka, ndiyo, lakini kitanzi chembamba kiliiacha oskileta ijitawale, na toni ya CW ikawa na mkwaruzo, na nikigonga meza ilikuwa inayumba. Pesa za bodi hizo mbili zimekwenda. Kisha akaja na R, namba inayogawa marejeo kabla hayajatumika: "weka R=2, marejeo yawe 12.5." Usicheke, wengi wangemwamini. Gawa mwenyewe: 2400 kwa 12.5 ni 192 kamili. Kwa R=3 ni 288. R yoyote ile unarudi kwenye namba kamili, kwa sababu 25 yenyewe ndiyo inayoingia 96 ndani ya 2400. Wiki nzima niliipoteza kubadilisha R.

Kama unataka kuhakikisha ni mwiba huu na si mwingine, azima spektrum analaiza na usogeze mawimbi yako kutoka 2400.020 hadi 2400.030. Mwiba wa chini hautakufuata. Utabaki 2400.000, na ule wa juu utaruka hadi 2400.060. Ukiendelea kusogea mbali, yote miwili inafifia kwa sababu inatoka nje ya upana wa kitanzi.

Kwa hiyo ng'oa kristali ya 25, uweke TCXO ya 26 MHz, aina iliyotumika sana kwenye simu za GSM. Namba zilizo kamili karibu nawe zinakuwa 92, ambayo ni 2392, na 93, ambayo ni 2418. Iliyo karibu zaidi iko 8.02 MHz kutoka kwako, na umbali huo filta yoyote ya kawaida inaukata bila jasho.

```
REF=26  R=1
INT=92  FRAC=401  MOD=1300
```

Hatua ni 20 kHz. Kumbuka kuiambia programu kwamba marejeo ni 26, la sivyo utajikuta 2496 na ushangae. Kisha angalia tena kwenye analaiza pale 2400.000. Kwangu palikuwa kimya, na kwa bodi ile ile ya mwanzo, yenye filta yake ya kiwandani.